Dola ikivunja mkataba, nyingine inaweza kujibu kwa kiasi gani?

Dola iliyotendewa kinyume cha sheria inaruhusiwa kusimamisha kwa muda wajibu wake kwa dola iliyokosa, ili kuibana irudi kwenye wajibu wake. Sheria ya kimataifa inaziita hatua za kukabiliana. Si adhabu, wala si kisasi. Masharti yake yamo katika rasimu ya kanuni za wajibu wa dola iliyokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa mwaka 2001, lakini yanaeleweka vizuri zaidi kupitia kesi ya mto Danubi.

Mwaka 1977 Hungaria na Chekoslovakia zilikubaliana kujenga kwa pamoja mabwawa ya Gabčíkovo na Nagymaros. Mwaka 1989 Hungaria ilisimamisha kazi upande wake, ikihofia madhara kwa mazingira. Chekoslovakia haikukaa kimya: ilijenga bwawa lake peke yake, na Oktoba 1992 ikayageuza maji ya mto. Baadaye Slovakia, iliyorithi mgogoro huo, ilidai kwamba hata kama kitendo kile kilikuwa kosa, kilihalalishwa na kosa la Hungaria lililotangulia.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu Septemba 1997. Ilikubali kwamba Hungaria ndiyo iliyoanza kukosea. Suala la taarifa nalo halikuwa na shida, kwa kuwa Hungaria ilikuwa imetakiwa mara nyingi irejee kwenye kazi. Kanuni za 2001 zinadai zaidi kidogo: kwanza umtake mkosaji atimize wajibu, kisha umjulishe uamuzi wako na kumwalika mzungumze. Penye dharura, kwa mfano fedha zinazoweza kuhamishwa usiku mmoja, unaweza kuzizuia kwanza ili kulinda haki yako.

Kilichoiangusha Slovakia ni sharti la uwiano, yaani jibu lilingane na madhara yaliyopatikana. Katika eneo la mpaka, asilimia 80 hadi 90 ya maji ilichepushwa kwa manufaa ya upande mmoja, ilhali mto ulikuwa mali ya pamoja na Hungaria ilistahili sehemu yake ya haki. Wengi hudhani uwiano ni kulinganisha hasara kwa fedha tu. Mahakama ilipima pia uzito wa haki iliyoguswa.

Kwa kuwa sharti hilo lilishindikana, Mahakama haikulichunguza la mwisho, yaani kwamba hatua iweze kutenguliwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo pangekuwa pagumu zaidi. Kibali kilichositishwa hurudishwa kwa barua moja. Bwawa lililokwisha kumiminiwa zege na mkondo uliohamishwa havirudi hivyo. Kanuni zenyewe zinasema “kadiri inavyowezekana”, maneno yanayoacha mwanya kwa mabishano.

Anayejibu hufanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe. Mahakama iliamua kwamba pande zote mbili zimevunja sheria, na kila mmoja anadaiwa fidia na mwenzake.