Hipu haijapangwa, lakini kubwa ndio hutoka kwanza, kila mara

Swali ambalo huwa naulizwa mara nyingi na watu wanaoanza kusoma miundo ya data ni hili: mtu ameingiza namba zake kwenye hipu, akaprinti arei nzima, akakuta namba zimekaa hovyo hovyo, sasa anajiuliza kama hipu yake imeharibika. Haijaharibika. Hipu haijawahi kuahidi kwamba itapanga kitu, ina ahadi moja tu ndogo, na mi leo nataka tukae na hiyo ahadi mpaka tuone jinsi inavyotosha kukupa namba kubwa kuliko zote kila unapoiomba.

Hipu ni mti wa namba, kila namba ina watoto wasiozidi wawili chini yake, na ahadi yenyewe ni hii: mzazi hawi mdogo kuliko mtoto wake. Basi. Haisemi chochote kuhusu ndugu wawili walio chini ya mzazi mmoja, haisemi kitu kuhusu binamu, haisemi kwamba aliye ngazi ya juu ni mkubwa kuliko kila aliye ngazi ya chini. (Na tuondoe mkanganyiko mapema, hii hipu haihusiani na ile sehemu ya memori inayoitwa hivyo hivyo, ni majina tu yamegongana.)

Mti tunauchora kichwani tu, kwenye kompyuta ni arei ya kawaida. Aliye nafasi ya `i` watoto wake wako nafasi ya `2*i + 1` na `2*i + 2`, na ukitaka kumpata mzazi unachukua `(i - 1) // 2`. Hakuna pointa wala nodi za kutengeneza, hesabu peke yake inatosha. J. W. J. Williams aliitoa hivi mwaka 1964 pamoja na njia ya kupanga kwa kutumia hipu, na mwaka huohuo Robert Floyd akaleta njia nzuri zaidi ya kuijenga, ndio ile tunayoitumia mpaka leo.

Tuchukue namba saba: `[4, 10, 3, 5, 1, 8, 7]`. Floyd anaanzia nyuma, kwa mzazi wa mwisho, halafu anarudi mpaka kwenye mzizi, yaani namba ya juu kabisa ya mti, na kila mzazi ambaye ni mdogo kuliko watoto wake anazamishwa. Kuzamisha maana yake unamlinganisha na mtoto wake mkubwa, akiwa mdogo wanabadilishana nafasi, halafu unamfuata huko alikoshuka na unarudia mpaka atulie.

Mzazi wa mwisho yuko nafasi ya 2, ni 3, watoto wake ni 8 na 7, kwa hiyo 8 inapanda. Nafasi ya 1 kuna 10, watoto wake 5 na 1, hapo pametulia. Mzizi ni 4, watoto wake sasa ni 10 na 8, basi 10 inapanda na 4 inashuka, ila huko iliposhuka inakutana na 5 kwa hiyo inashuka tena. Tunabaki na:

```
[10, 5, 8, 4, 1, 3, 7]
```

Angalia ile 7 ya mwisho kabisa. Ni kubwa kuliko 5 ambayo iko nafasi ya 1, tena ngazi ya juu yake, na hakuna kosa lolote, kwa sababu 5 sio mzazi wa 7. Mzazi wake ni 8. Hapa ndipo watu wengi hushtuka wakiprinti.

Sasa kwa nini mzizi lazima uwe mkubwa kuliko wote? Simama kwenye namba yoyote halafu panda kwa mzazi wake, na mzazi wa mzazi, na kuendelea. Kila hatua namba ama inabaki ileile ama inaongezeka, haiwezi kupungua, na njia zote za kupanda zinaishia sehemu moja, kwenye mzizi. Kwa hiyo hakuna anayeuzidi mzizi.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kinachofuata. Ukishatoa 10, nani ni wa pili kwa ukubwa? Huna haja ya kutafuta kwenye namba sita zilizobaki, maana yeyote ambaye sio mtoto wa mzizi ana mzazi mwingine juu yake, na huyo mzazi sio mdogo kwake. Wagombea ni wawili tu, 5 na 8. Hata hipu iwe na namba milioni moja, ukitoa ya kwanza wagombea wa nafasi hiyo ni wawili tu!

Kutoa kunafanyika hivi: 10 inabadilishana na namba ya mwisho, yaani 7, halafu tunaifanya hipu ifupike kwa nafasi moja ili 10 ibaki nje. Sasa 7 iko kwenye mzizi bila kustahili, tunaizamisha: watoto ni 5 na 8, mkubwa ni 8, wanabadilishana, na 7 huko chini inakuta 3 peke yake, inatulia. Arei inakuwa `[8, 5, 7, 4, 1, 3]` na 10 imekaa mkiani. Rudia: 8 inaenda mkiani, 3 inakuja juu, inazama chini ya 7, inakuwa `[7, 5, 3, 4, 1]` na mkia ni 8, 10. Rudia tena na 7 inatoka, halafu 5, halafu 4, 3 na 1. Mkia unakua kutoka nyuma kwenda mbele, na ukimaliza una 1, 3, 4, 5, 7, 8, 10 ndani ya arei ileile, bila kuomba arei nyingine pembeni. Hiyo ndio hipu soti yote.

```python
def zamisha(a, i, n):
    while True:
        k = 2*i + 1
        if k >= n:
            return
        if k + 1 < n and a[k+1] > a[k]:
            k += 1
        if a[i] >= a[k]:
            return
        a[i], a[k] = a[k], a[i]
        i = k

def panga(a):
    n = len(a)
    for i in range(n//2 - 1, -1, -1):
        zamisha(a, i, n)
    for m in range(n - 1, 0, -1):
        a[0], a[m] = a[m], a[0]
        zamisha(a, 0, m)
```

Mstari unaosahaulika sana ni ule wa `k += 1`, wa kuchagua mtoto mkubwa. Tuseme umeuacha, unaangalia mtoto wa kushoto tu. Baada ya kutoa 10, ile 7 iliyoko juu inalinganishwa na 5, inaonekana iko sawa, inabaki hapohapo, na ukitoa tena unapata 7 wakati 8 bado iko ndani. Na ukikosea ukampandisha mtoto mdogo ni shida hiyohiyo, kwa sababu anayepanda anakuwa mzazi wa ndugu yake, na mdogo hawezi kuwa mzazi wa mkubwa bila kuvunja ahadi. Kosa lingine ni kwenye mzunguko wa mwisho, mtu anapitisha `n` badala ya `m`, basi 10 aliyoitoa sasa hivi inaonekana bado ni mtoto wa mtu na inavutwa tena juu.

Kuhusu kasi sitakaa sana. Namba milioni moja zinaingia kwenye ngazi 20, kwa hiyo kuzamisha mara moja ni kushuka hatua 19 zikizidi sana. Kujenga kwa njia ya Floyd ni rahisi kuliko inavyoonekana, maana karibu nusu ya namba hazina watoto na hazizamishwi kabisa, robo nyingine zinashuka hatua moja tu zikizidi, na ukijumlisha mabadilishano yote hayafiki hata idadi ya namba zenyewe. Gharama kubwa iko kwenye kutoa. Ila kwa kazi ya kawaida ya kupanga, kwiki soti iliyoandikwa vizuri huwa inaipita hipu soti, kwa sababu hipu inaruka kutoka nafasi ya 1,000 kwenda 2,001 kwenda 4,003 na keshi ya prosesa haipendi miruko ya namna hiyo. Faida ya hipu soti ni kwamba haina siku mbaya, data ije vyovyote kazi haizidi kiwango chake, ndio maana mwaka 1997 David Musser alivyotengeneza introsoti aliiweka kama kimbilio pale kwiki soti inapoanza kujiita ndani kwa ndani mno.

Mahali ambapo hipu inang'aa kweli ni foleni ya kipaumbele, pale ambapo vitu vinaingia na kutoka bila mpangilio na wewe kila mara unataka cha juu tu. Kuingiza ni kuweka kitu mwisho wa arei halafu kukipandisha, unamlinganisha na mzazi wake tu mpaka atulie.

Na hapa niliwahi kupoteza karibu siku mbili. Nilikuwa na foleni ya kazi, kila kazi ni objekti yenye namba ya kipaumbele, na sehemu nyingine kabisa ya programu ilikuwa inaongeza hiyo namba pale kazi ikichelewa sana. Inaongeza moja kwa moja kwenye objekti, hipu haina habari. Kazi inakuwa na kipaumbele 90 huku imekaa chini ya mzazi mwenye 40, na hipu haiwezi kujua, kwa sababu yenyewe haikagui mti mzima, inagusa njia moja tu kutoka juu kwenda chini. Hakuna kosa linalotokea kwenye skrini, programu inaendelea vizuri tu, ila kazi za haraka zinachelewa na majibu yanabadilika kila siku.

Nilichokifanya mwishowe ni kurekodi kipaumbele cha kila kazi inapotoka. Kama hakuna kilichoingia katikati, kila kinachotoka hakitakiwi kuzidi kilichotangulia. Nikaona 40 halafu 90. Ukiona hivyo ujue ahadi imevunjwa mahali fulani, na unaweza kuitafuta kwa kupita arei nzima ukimlinganisha kila mmoja na mzazi wake, ni mistari mitatu tu ya kodi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, ukiongeza kipaumbele mpandishe huyo huyo hapohapo, ukipunguza mzamishe, ila inabidi ujue yuko nafasi gani, na hipu haina njia ya haraka ya kutafuta, kwa hiyo unatunza jedwali la nafasi pembeni na kulisahihisha kwa kila badilishano. Ya pili ndio niliyochukua: usiguse kilichomo, ingiza nakala mpya yenye kipaumbele kipya, ile ya zamani iwekee alama kwamba imekufa, na ukikutana nayo juu unaitupa na kuchukua inayofuata. Hipu inanenepa kidogo lakini ahadi inabaki salama.

Kama unatumia `heapq` ya Python kumbuka kwa kawaida inatoa ndogo kwanza, hivyo watu hugeuza ishara, kipaumbele 90 kinaingia kama -90. Na vipaumbele vikilingana inaenda kulinganisha kitu kinachofuata kwenye tapo, kikiwa ni dikti utaona `TypeError: '<' not supported between instances of 'dict' and 'dict'`. Weka kihesabu katikati, `(-90, 17, kazi)`, kinachoongezeka kwa kila kinachoingia. Inaondoa hilo kosa, na pia inafanya zenye kipaumbele sawa zitoke kwa mpangilio zilivyoingia, kitu ambacho hipu peke yake haikupi.