Je, wajua? Wasifu mtamu kwenye karatasi, mbona unapooza ukisomwa kwa sauti

"Kitabu cha maisha ya mtu nikikisoma mwenyewe nakesha nacho, ila nikimsomea mwenzangu kwa sauti, dakika tano tu anauliza 'huyo nani tena?' Tatizo ni nini, na nifanyeje?"

Usiilaumu sauti yako kwanza. Jicho linapita kwenye mstari, likikwama linarudi, na linarudi kweli, maana waliopima macho ya wasomaji wamekuta kwamba zaidi ya mara moja katika kila miruko kumi ya jicho ni ya kurudi nyuma, hata kwa msomaji mzoefu. Mwenyewe hujui kama unafanya hivyo. Sikio halina hiyo nafasi, neno likishapita limepita, na mwanasaikolojia Alan Baddeley, ambaye pamoja na Graham Hitch walitoa mwaka 1974 maelezo yao maarufu ya kumbukumbu ya muda mfupi, alionyesha kwamba sauti tulizosikia zinabaki kichwani kama sekunde mbili hivi kabla ya kufifia, kama hatuzirudii kimoyomoyo. Na mtu anayekusikiliza atarudia saa ngapi wakati wewe umeshasonga mbele?

Sasa wasifu, kuliko maandishi mengine, umejaa vitu vinavyotegemea kurudi nyuma: miaka, majina, vyuo, vyeo, nani alimzaa nani. Chukua paragrafu hii, nimeitunga mwenyewe ila ni ya aina unayoikuta kila mahali:

"Wangari Muta Maathai (1 Aprili 1940 – 25 Septemba 2011), mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, ambaye alipata shahada ya kwanza ya biolojia katika Chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 1964, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, kabla ya kutunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004."

Kwa macho haina ubaya, iko sahihi na inabeba mengi. Isome sasa kwa sauti. Jina umelitaja mwanzoni kabisa, na kitendo chenyewe, "alianzisha", kinakuja baada ya maneno karibu 50, kwa hiyo msikilizaji ameshikilia jina mkononi kama mtu aliyepewa mzigo akaambiwa subiri hapohapo, na wakati anasubiri unamrundikia vyuo vitatu. Mbaya zaidi, ile hesabu ya 50 ni ya karatasini tu. Mwaka 1966 kwenye karatasi ni tarakimu nne, jicho linaumeza mara moja, lakini mdomoni ni "elfu moja mia tisa sitini na sita", maneno saba, silabi kumi na nne, yaani mwaka mmoja tu unakula zile sekunde mbili zote. Na paragrafu ina miaka saba! Mabano nayo hayasikiki, kwa hiyo mama wa watu amezaliwa na amefariki kabla hajaenda hata shule.

Kuna mtego mwingine ambao naona waandishi wetu wanausahau, wa Kiswahili chenyewe. Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. "Alimwambia kwamba ameamua kuondoka": nani kamwambia nani, na anayeondoka ni yupi? Ukiwa na karatasi unapandisha jicho juu, unaona ni mke na mume, yanaisha. Kwa sikio, watu wawili wa nafsi ya tatu wakikutana kwenye sentensi moja ni ajali. Mimi iliwahi kunikuta, nilisoma wasifu mbele ya watu, na mwandishi alikuwa amemtaja mke wa mhusika mara kwa jina la ubatizo, mara kwa jina la baba yake, ili asirudierudie neno (shuleni tulifundishwa kwamba kurudia ni umaskini wa lugha). Nilipomaliza mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "kwani huyu bwana alioa mara ngapi?" Alioa mara moja. Tangu siku ile nikikaa kurekebisha maandishi ya kusomwa, kazi ya kwanza ni majina: mtu mmoja, jina moja, toka mwanzo hadi mwisho, na popote "yeye" anapoweza kuwa watu wawili narudisha jina, hata kama nimelitaja sentensi iliyopita. Kurudia kunakochosha jicho ndiko kunakolishika sikio mkono.

Haya, ile paragrafu tunaifanyaje? Watu wengi wanakimbilia kukata sentensi vipandevipande: alizaliwa mwaka fulani, nukta, alisoma chuo fulani, nukta. Hiyo haisaidii sana, umepata orodha ya sentensi fupi badala ya sentensi moja ndefu, na orodha ni orodha tu. Kwanza jiulize, katika haya yote ni kitu gani kimoja ambacho mtu anaweza kukiona kichwani akiwa amefumba macho? Hapa ni miti, maana kazi ya Green Belt ni kupanda miti. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari na wenzake waliandamana kutoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba. Naanzia hapo, hivi:

"Ni mwezi wa sita, mwaka sabini na saba. Watu walitoka katikati ya Nairobi kwa miguu. Wakafika uwanja wa Kamukunji, wakachimba mashimo, wakapanda miti. Miti saba tu. Aliyewakusanya ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, anaitwa Wangari. Wangari si mtu wa misitu. Anafundisha chuo kikuu, na somo lake ni anatomia ya mifugo. Sasa mwalimu wa anatomia, na miche, wapi na wapi?"

Angalia yaliyotokea. Mwaka umebaki mmoja, tena nimeukata kichwa, "sabini na saba", maana msikilizaji anajua karne. Mwaka wa kuzaliwa umegeuka umri, kwa sababu "miaka thelathini na saba" inakupa mtu wa kumwona, wakati "elfu moja mia tisa arobaini" inakupa hesabu ya kutoa. Vyuo vya Marekani sijavitupa, vinasubiri. Lile swali la mwisho ndilo litakaloviita, kwa sababu sasa msikilizaji anataka kujua huyu mwanamke alifikaje hapo, na ukimwambia alisomea biolojia Kansas, kisha akaenda Pittsburgh, halafu akarudi Nairobi, anapokea majibu, hapokei orodha. Na lile saba nimelisisitiza kwa makusudi: huko mbele nitamwambia kwamba kufikia mwaka alipopewa Nobel miti ilikuwa imepita milioni 30, na namba mbili zinazogombana hivi sikio linazishika bila shida. Namba mbili nzuri zinashinda kumi sahihi, huo ni msimamo wangu na najua wanahistoria wataninunia.

Halafu tazama vitenzi. Wasifu wa kuandikwa unapenda -li-: alizaliwa, alisoma, aliolewa, aliteuliwa, alifariki, kila kitu kimesimama peke yake kama nguzo. Msimuliaji wa mdomoni anaanza na -li- moja, kisha anashuka na -ka-: walitoka, wakafika, wakachimba, wakapanda. Hiyo -ka- inamwambia msikilizaji "bado tuko palepale, hiki kimefuata kile", bila neno la ziada. Ila usiinyooshe kuvuka miaka. Ukisema "akapanda miti, akapata Nobel" umefuta miaka 27 na umefanya ionekane moja imezaa nyingine kesho yake. Ukiruka muda, rudi kwenye -li- na utangaze safari waziwazi, "miaka kumi na miwili baadaye, Wangari alisikia habari ya jengo", ndipo uingie kwenye ule ugomvi wa 1989 wa jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa Uhuru Park. Kwenye kitabu kazi hiyo inafanywa na kichwa cha sura na nafasi nyeupe, na nafasi nyeupe haina sauti.

Vitu vya kuonekana tu ndivyo vinavyopotea kimyakimya, na mfano mtamu kuliko yote uko kwa Wangari huyuhuyu. Mume wake aliitwa Mathai. Walipoachana, mume akamtaka aache kutumia jina lake, na yeye badala ya kuliacha akaongeza a moja, likawa Maathai. Kwenye karatasi ni herufi moja inayosema kila kitu, unaiona na unacheka. Soma kwa sauti "Mathai akawa Maathai" uone watu watakavyokutazama, wamesikia jina moja mara mbili. Hapo inabidi ueleze: "Wangari alichukua herufi a, moja tu, akaichomeka katikati ya jina la mumewe. Mathai. Ma-a-thai. Jina halikuwa tena la mume." Maneno yameongezeka, na lazima yaongezeke, ndiyo maana nacheka mtu anaposema kurekebisha kwa ajili ya sikio ni kufupisha. Unapunguza mambo, halafu yale machache unayapa maneno mengi zaidi.

Mpaka wake uko hapa: unaruhusiwa kupanga upya, huruhusiwi kutunga. Usimwekee Wangari maneno mdomoni pale Kamukunji eti ili stori ichangamke, na usipange matukio mpaka la baadaye lionekane ndilo sababu ya la mwanzo. Kama maandishi si yako, ongea na mwenyewe kabla ya kuyabomoa.

Kujua kama imekaa, rekodi kwa simu, uisikilize kesho yake ukiwa na kazi nyingine mikononi, bila karatasi. Pale ulipotamani kurudisha nyuma ndipo pabovu. Kisha msomee mtu ambaye hajaiona, simama katikati, muulize maswali mawili tu: tuko wapi sasa, na huyu anayeongelewa ni nani. Usimuulize kama imependeza, atasema ndiyo. Mimi huwa naangalia pia pumzi, sentensi nikilazimika kuvuta hewa mahali pasipo na nukta wala mkato naivunja pale pale.

Na ile 25 Septemba 2011 iliyokuwa imebanwa kwenye mabano pale mwanzo, naitoa nakwenda nayo hadi inapofaa, naipa sentensi yake peke yake, na pembeni ya skripti naandika kwa kalamu nyekundu: nyamaza kidogo.