Mtoto anakoroma na pumzi inakata usiku: maswali ya mama mmoja na majibu yake

Mwanangu ana miaka miwili na nusu, anakoroma kila siku kama mtu mzima, mdomo wazi muda wote, saa nyingine pumzi inakata halafu anashtuka. Bibi yake anasema ni uchovu wa kucheza. Ni kawaida kweli?

Hapana mama, uchovu haufanyi hivyo. Mtoto mwenye mafua anakoroma siku nne tano, mafua yakiisha na yeye anaacha, hiyo haina shida. Ila akikoroma mara tatu au zaidi kwa wiki na mafua hana, tena wiki baada ya wiki, kuna kitu kimebana njia ya hewa na inabidi aonwe.

Kwa umri huu mara nyingi ni adenoidi, zile wengi tunaziita nyama za pua. Ziko nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, hata umulike na tochi mdomoni huzioni. Zinasaidiana na tonsesi, zile mbili za pembeni mwa koo, ambazo mtoto akisema "aaa" unaweza kuziona. Zote zinanenepa sana kati ya miaka 2 na 6, wakati koo lenyewe bado dogo. Mchana misuli ya koo inashikilia njia ibaki wazi, akilala misuli inalegea na njia inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua, anavuta pumzi kwa kishindo halafu anaendelea kulala bila hata kujua, na inaweza kujirudia hivyo mara nyingi ndani ya saa moja. Ndo maana anaamka kanuna. Na mtoto mdogo akikosa usingizi mara nyingi hasinzii mchana kama sisi, anakuwa mkorofi, hatulii, analia kwa kitu kidogo, watu wanasema amedekezwa kumbe hajalala.

Nitajuaje kama pumzi inakata kweli au ni wasiwasi wangu tu?

Mpandishe fulana uangalie kifua, usisikilize sauti peke yake. Ukiona mkoromo umenyamaza ghafla, hewa haitoki puani wala mdomoni, lakini kifua na tumbo bado vinahangaika, chini ya mbavu panabonyea ndani, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, hapo njia imeziba. Usingoje ifike nusu dakika ndo uamini, kwa mtoto hata kukosa pumzi mbili mfululizo kunahesabika. Kama kifua kimetulia tuli bila kuhangaika kabisa, hiyo ni aina nyingine na chanzo chake ni tofauti, kwa hiyo mweleze daktari hivyohivyo ulivyoona.

Muda nao una maana sana. Wengi wanachungulia saa tatu usiku mtoto akiwa ndo kwanza kalala, wanaona shwari. Hali huwa mbaya zaidi kuelekea alfajiri, kwa hiyo amka saa tisa au saa kumi usiku, washa taa kidogo, rekodi video ya dakika mbili tatu uso na kifua vyote vionekane na sauti isikike. Hiyo video ndo itakusaidia kuliko maneno, kwa sababu mchana mtoto ataingia kwa daktari anacheza vizuri tu. Angalia pia kama analala kichwa kakirudisha nyuma, kama analoa jasho kichwani hata usiku wa baridi.

Bibi yake ameshapata mtu wa kukata kimeo, anasema kimerefuka ndo kinamziba. Nimpeleke?

Usimpeleke, nakuomba sana. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, na kila mtu anacho. Kinachomziba mwanao kiko nyuma ya pua na pembeni mwa koo, kwa hiyo ukikata kimeo adenoidi zinabaki palepale na mkoromo unabaki palepale. Unachoongeza ni damu kumwagika kwa mtoto ambaye damu yake yote ni chini ya lita moja, usaha kooni, na pepopunda kama kisu ni kichafu. Bibi anampenda mjukuu wake, usigombane naye, mkae naye usiku mmoja mkiangalia kifua cha mtoto na umwonyeshe zile tonsesi kwa tochi, wengi wakiona wenyewe wanaelewa.

Kadi ya kliniki inaonyesha alikuwa kilo 11 alipotimiza miaka miwili na mpaka leo ni kilo 11. Hospitali watamfanyia nini, au ndo oparesheni moja kwa moja?

Hiyo kadi nenda nayo, ni ushahidi mkubwa. Umri huu mtoto anaongeza kama kilo mbili kwa mwaka, wa kwako miezi sita hajaongeza kitu, anachoma nguvu nyingi usiku kuhangaika na pumzi. Mkoromo kila siku, pumzi kukata, na uzito kusimama, vikikaa pamoja hivyo sio wa kusubiri akue, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Atatazama koo, masikio (adenoidi mara nyingi zinafanya maji yakae nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto hasikii vizuri na kuongea kunachelewa), na anaweza kuagiza eksirei ya shingo kwa pembeni au kuchungulia puani kwa kamera nyembamba. Kipimo cha kulala hospitali usiku mzima ndo bora zaidi, ila sehemu nyingi hakipo, hapo video yako inabeba uzito.

Mwenye hali nyepesi anaweza kupewa spreyi ya pua ya kupunguza uvimbe kwa wiki kadhaa pamoja na maji ya chumvi ya puani. Usichanganye hiyo na matone ya kuzibua pua ya dukani, yale ukiyazoesha pua inaziba zaidi. Kwa wa kwako, oparesheni ya kutoa adenoidi na tonsesi itazungumzwa mapema. Kwa sababu hajafika miaka mitatu, baada ya oparesheni inatakiwa alale hospitali aangaliwe usiku huo, hapo usikubali kuruhusiwa jioni. Na dawa yenye kodeini asipewe kabisa, inaweza kumzimia pumzi. Nyumbani ndani ya wiki mbili za kwanza akitema damu mbichi au ukimwona anamezameza usingizini, rudi hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche.

Kama ana sikoseli au Dauni sindromu mwambie daktari mwanzoni kabisa, hao hawasubirishwi hata kwa mkoromo peke yake.

Na ni lini nikimbie usiku huohuo?

Midomo au ulimi ukiwa wa bluu au wa kijivu, ukimwamsha haamki vizuri, anavuta pumzi kwa mlio mkali hata akiwa macho, anadondosha mate hawezi kumeza, au mbavu zinabonyea na anahema kasi akiwa macho ametulia. Kasi ni pumzi 40 au zaidi kwa dakika, uhesabu dakika nzima. Njiani mbebe amekaa wima, usimlaze chali.