Raba ya kwanza kwa anayesimama sokoni kutwa

Swali: Ninauza nyanya Owino, Kampala. Nasimama tangu alfajiri hadi jioni na ndala miguuni. Siku hizi nikiamka, hatua za kwanza kisigino kinachoma. Nataka viatu vya kweli, nitavichaguaje?

Jibu: Maumivu hayo, dada, yakilegea ukishatembea kidogo, mara nyingi hutoka kwenye utando mgumu wa unyayo, ule unaoanzia kisigino hadi mizizi ya vidole. Ndala ni bapa na haishiki kisigino, kwa hiyo utando huvutwa kutwa.

Usinunue kiatu asubuhi. Mguu uliosimama huvimba, na kilichokutosha saa tatu kitakubana saa kumi na moja. Jioni ukishafunga meza, simama juu ya karatasi, uzito kwenye miguu yote miwili, na jirani yako achore unyayo. Ukijiinamia mwenyewe mchoro hupotoka. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Tuseme kulia umepata sm 24.3, kushoto 24.8. Fuata ule mkubwa, uongeze sm 1: unatafuta urefu wa ndani wa karibu sm 26, yaani namba 39 hivi. Namba nazo hudanganya, basi nenda na karatasi yako. Chomoa soli ya ndani, uisimamie: mguu ukimwagika pembeni, rudisha kiatu hata kama bei ni tamu.

Swali: Vipya ni ghali. Vya mitumba je?

Jibu: Vinafaa, ila usiangalie usafi, vimeoshwa ili ununue. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, aliyekivaa alikanyaga hivyo, na mguu wako utalazwa upande huohuo. Kisha bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi pembeni, imekufa, na sakafu ya saruji utaihisi yote. Minya sehemu inayokumbatia kisigino: isibonyee kirahisi. Mwisho kikunje, kipindike penye vidole. Kinachojikunja katikati kama chapati, kiache. Chagua chenye kamba, maana mguu ukivimba utazilegeza.

Swali: Nivivae kutwa siku ileile?

Jibu: Hapana. Anza kwa muda wa saa mbili hivi, ukiwa na ndala zako mkobani, uongeze kila siku. Jioni kagua ngozi: wekundu usioisha baada ya nusu saa maana yake kiatu kinabana hapo. Mwenye kisukari asisubiri kuhisi maumivu, kwa sababu miguu yake inaweza kuwa na ganzi; akague kila jioni, na aonwe kituo cha afya kabla ya kununua. Na wewe, kisigino kikiendelea kuchoma baada ya wiki kadhaa, au mguu mmoja tu ukivimba, nenda ukapimwe. Mguu mmoja ukivimba ghafla, nenda siku hiyohiyo.