Faili moja, wageni 212: ukaguzi wa ridhaa, muda wa kuhifadhi na uvujaji wa taarifa hotelini

Kampuni inaponiita kukagua namna inavyolinda taarifa binafsi, kwa kawaida hunikabidhi kwanza sera iliyochapwa vizuri na kutiwa saini na mkurugenzi. Huipokea, huisoma, kisha huiweka kando kwa muda, kwa sababu sera hueleza kile ambacho kampuni ilikusudia kukifanya, na mimi natafuta alama zilizoachwa na kazi yenyewe. Hapa nitaeleza ukaguzi wa kampuni moja ya hoteli yenye ofisi ya kuweka nafasi Mji Mkongwe na hoteli Paje. Nimebadilisha baadhi ya mambo ili isitambulike, lakini mwendo wa kasoro zake ni ule ule ninaouona mara kwa mara, na zote zilionekana ndani ya faili moja.

Ijumaa jioni, mfanyakazi wa mapokezi alitaka kumpelekea mwenye magari majina ya wageni 14 waliotarajiwa kupokewa siku ya pili katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume. Alifungua jedwali la Excel, akalichuja kwa tarehe ya kuwasili, akaona mistari 14 mbele yake, akaliambatisha na barua pepe. Alipoanza kuandika anwani, programu ilimjazia anwani ya mtu mwengine mwenye jina linalokaribiana, naye hakutambua. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ndilo pekee ambalo kampuni ililiona. La pili ni kwamba kuchuja jedwali huificha mistari isiyotakiwa tu, wala hakuiondoi, kwa hiyo aliyelipokea faili angeweza kuondoa kichujio na kusoma mistari yote 212, pamoja na nambari za pasipoti, simu, na safu moja yenye maelezo ya mzio na maradhi.

Kabla ya kusema kampuni imevunja nini, mkaguzi wa Zanzibar lazima aandike anakagua kwa kipimo gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatumika pia Zanzibar, isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mpaka huo hauwekwi kwa kukisia, na mimi huitaka kampuni inipatie maoni ya maandishi ya mwanasheria wake kuhusu shughuli zipi zinaingia na zipi haziingii. Kampuni hii ilikuwa imeamua kuifuata sheria hiyo kwa shughuli zake zote, uamuzi ambao naukubali, kwa kuwa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inalinda faragha ya mtu. Isitoshe, tovuti yake ilikuwa na kurasa za Kitaliano zenye bei za yuro, na mwanasheria wake aliona kwamba kuwalenga wateja wa Ulaya kwa namna hiyo kunaileta pia chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, zile zinazojulikana kwa herufi GDPR. Kwa hiyo vipimo vilikuwa viwili.

Nilianza na safu iliyoitwa "Ofa", ambayo kwa kila mgeni ilikuwa na neno "Ndiyo". Ridhaa ya kweli haifanani hivyo. Watu 212 hawawezi wote kukubali kutumiwa matangazo, wala kumbukumbu ya ridhaa haiwezi kuwa neno moja tu. Inapaswa kuonesha nani alikubali, lini, kwa njia gani, aliposoma maneno yapi, na kwa kusudi lipi. Katika mfumo wa wageni kulikuwa na sehemu ya muda wa ridhaa, nikamuomba fundi wa kompyuta aendeshe swali hili mbele yangu:

```sql
SELECT consent_at, COUNT(*) AS idadi
FROM guests
WHERE consent = 1
GROUP BY consent_at
HAVING COUNT(*) > 5
ORDER BY idadi DESC;
```

Swali hili hutafuta watu wengi waliokubali katika sekunde moja. Wageni wachache wa familia moja wanaweza kukaribiana, lakini hapa sehemu kubwa ya orodha ilikuwa na saa sita kamili ya usiku wa tarehe moja, nayo ilikuwa tarehe ya kuhamia mfumo mpya. Fundi alieleza bila kuficha kwamba mfumo mpya ulikataa kupokea nafasi tupu, hivyo akazijaza zote. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kampuni haikuweza kuthibitisha ridhaa ya mtu yeyote katika kundi hilo, hata ya wale ambao huenda walikubali kweli.

Meneja aliniuliza, "Sasa, Bi Mkaguzi, si tuwaandikie wote barua pepe tuwaombe upya?" Nilimshauri asifanye hivyo. Mwaka 2017 mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliitoza kampuni ya ndege ya Flybe pauni 70,000 kwa sababu iliwaandikia watu waliokwisha kukataa matangazo ili kuwataka wahakikishe taarifa zao. Njia salama ni kuacha kulituma tangazo kwa kundi lisilo na ushahidi, na kuomba ridhaa upya pale mgeni mwenyewe anaporudi kuweka nafasi.

Kisha nikachukua orodha ya watu waliobonyeza kiungo cha kujiondoa kwenye matangazo, nikailinganisha na jedwali lililovuja. Tisa kati yao walikuwemo, na wote bado walikuwa "Ndiyo". Mfumo wa kutuma matangazo uliwaheshimu, lakini jedwali la mapokezi lilikuwa nakala ya pili ambayo hakuna aliyeipelekea habari za kujiondoa. Hapa ndipo ridhaa hufa katika kampuni nyingi: inakusanywa mahali pamoja, inanakiliwa mahali pengine, na kuondolewa kwake hakuifuati nakala. Kuhusu safu ya mzio na maradhi, jambo lilikuwa zito zaidi, kwani sheria ya Tanzania inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Fomu zenye saini zilikuwepo kwa wageni wa kuzamia, lakini ridhaa ile ilitolewa kwa ajili ya mwalimu wa kuzamia, na mwenye magari hakuwa na haja yoyote ya kujua nani ana pumu.

Swali la pili lilikuwa kwa nini mistari ilikuwa 212 wakati wageni wa siku ile ni 14. Kwa mujibu wa kanuni ya kampuni yenyewe, habari za nafasi hufutwa miezi 12 baada ya mgeni kuondoka, na nakala ya pasipoti hufutwa baada ya siku 90. Mistari 121 ilikuwa imepita muda huo. Laiti kanuni ingetekelezwa, watu hao 121 wasingekuwa na habari yoyote ya kuvuja, na hiyo ndiyo maana hasa ya kuwa na muda wa kuhifadhi. Katika mfumo mkuu ufutaji ulifanyika vizuri; jedwali, folda ya skana na simu ya WhatsApp ya mapokezi havikuwa na mwenyewe wa kuvifuta.

Ninapokagua muda wa kuhifadhi huomba kuoneshwa kumbukumbu kongwe kuliko zote katika kila mahali, kwa sababu moja tu iliyozidi umri inatosha kuonesha kwamba ufutaji haufanyi kazi. Kwenye folda ya skana fundi aliendesha amri hii:

```
find /skana/pasipoti -type f -mtime +90 | wc -l
```

Jibu lilikuwa sifuri, na mkaguzi mwenye haraka angeandika kwamba hakuna kasoro. Lakini `-mtime` husoma tarehe ambayo faili liliandikwa mara ya mwisho, na folda ile ilikuwa imenakiliwa kwenye seva mpya mwezi mmoja nyuma bila ya kuhifadhi tarehe za asili. Majina ya mafaili yalikuwa na tarehe ya kuwasili kwa mgeni, na tulipoyapanga kwa majina tulikuta pasipoti za mwaka 2019. Mhasibu alizitetea kwa kusema kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa kwa miaka. Ni kweli, ila kinachotunzwa kwa ajili ya kodi ni ankara na stakabadhi, na picha ya pasipoti si mojawapo.

Lililobaki ni saa, na hapa palinichukua muda mrefu kuliko pote. Sheria ya Tanzania inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe mapema iwezekanavyo; ile ya Ulaya inatoa saa 72 tangu kampuni ilipotambua uvujaji. Ripoti ya kampuni ilisema ilitambua Jumamosi saa 15:10 na kuziarifu mamlaka Jumanne saa 11:30, ndani ya muda. Nilikiomba kitabu cha zamu cha mapokezi. Kilikuwa kimeandikwa "Jumamosi, 3:10, aliyepokea faili amejibu kwamba si lake." Aliyeandika ripoti alikuwa ameisoma 3:10 kama saa tisa na dakika kumi za alasiri kwa hesabu ya kizungu, ilhali mwandishi wa zamu aliandika kama tunavyosema sote, saa tatu na dakika kumi asubuhi, yaani 09:10. Seva ya barua pepe iliamua: jibu liliingia saa 06:02 kwa saa za UTC, na ukiongeza tatu unapata 09:02, dakika nane kabla ya maandishi ya kitabuni.

Kwa hiyo saa 72 zilimalizika Jumanne 09:10, na taarifa ilichelewa kwa saa mbili na dakika 20. Meneja alihoji kwamba yeye binafsi alijua Jumatatu. Sikuikubali hoja hiyo, maana ujumbe ulifika kwa mfanyakazi aliyekuwa kazini, ukasomwa na kueleweka. Kuchelewa kupanda ngazi ni kasoro ya ndani ya kampuni. Kanuni za Ulaya huruhusu taarifa iliyochelewa endapo sababu zimeelezwa, hivyo nilipendekeza kampuni iandike masahihisho yenye saa sahihi kabla ya kuulizwa, na yaende kwa mamlaka ya kila nchi yenye wageni walioguswa, kwani kampuni isiyo na tawi Ulaya haina mamlaka moja ya kuisemea zote. Pia taarifa ya kwanza ilitaja watu 14. Ilibidi isomeke 212.

Mwishoni nilifungua rejista ya matukio. Ilikuwa na tukio hili moja kwa miaka mitatu. Niliilinganisha na madai ya fundi wa kompyuta na ripoti za kupotelewa zilizopelekwa polisi, nikakuta simu mbili za mapokezi zilizopotea, moja ikiwa haina nywila na ikiwa na picha za pasipoti ndani yake. Katika ripoti yangu hilo lilikwenda juu kabisa, kabla hata ya faili la Ijumaa, kwa sababu wageni wa kwenye simu ile hawajaambiwa lolote mpaka leo.