Paa la Kijani, Mti wa Barabarani na Ndege wa Kampala

Dhana potofu: mti ukikatwa ili kupanua barabara, bustani iliyopandwa juu ya paa la jengo jirani huziba pengo lake.

Hoja hii husikika sana Kampala, na huvutia kwa sababu eneo la kijani hupimwa kwa mita za mraba. Ndege, hata hivyo, hawaishi katika mita za mraba. Tumchukue hondohondo mweusi na mweupe, ambaye sauti yake ya ukali bado husikika kwenye vilima vya mji huu. Jike hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, kisha mlango wa tundu hilo huzibwa kwa udongo ambao dume huuleta, hadi ubaki ufa mwembamba tu wa kupitishia chakula. Jike hukaa humo takriban miezi minne, akiatamia na kulea, na muda wote huo hula kile anacholetewa na dume, hasa tini za porini. Kwa hiyo ndege huyu anahitaji shina nene lenye umri wa kutosha kuoza ndani na kufanya tundu, pamoja na miti ya matunda iliyo karibu kiasi cha dume kuweza kwenda na kurudi mara nyingi kwa siku.

Sasa tulitazame paa. Bustani nyepesi huwa na udongo wa sentimita 10 hadi 15, na udongo wa kawaida uliolowa una uzito wa karibu kilo 1,800 kwa kila mita ya ujazo. Sentimita 10 zake, basi, ni kilo 180 kwa mita ya mraba, na paa la mita 200 za mraba hubeba tani 36. Paa la mabati juu ya kenchi za mbao halikujengwa kwa mzigo huo. Linalofaa ni la zege, tena baada ya mhandisi kulikagua. Hata likiwa imara, kina hicho hukauka upesi mvua za masika zinapokatika, kwa hiyo mimea inayostahimili ni nyasi na ile yenye majani manene yanayohifadhi maji. Maji yakiendelea kutuama siku moja baada ya mvua, au doa la unyevu likionekana darini, ni dalili kwamba tabaka la kupitisha maji limeziba au lile la kuzuia maji limetoboka.

Paa kama hilo lina faida yake. Hupunguza joto la jengo, huchelewesha maji ya mvua yasikimbilie mitaroni kwa pamoja, na huwapa ndege wadogo kama kiluwiluwi na shomoro wadudu na mbegu. Lakini ndege hao tayari wanaishi vizuri mjini. Wanaotoweka ni wale wa tundu na wa matunda, na hao paa haliwafai kitu.

Dhana potofu: ilimradi ni mti, aina yake si hoja.

Mwashoki, ule mti mwembamba wenye matawi yanayoning'inia, hupandwa kando ya barabara na kuta kwa sababu hauchukui nafasi. Sababu hiyo hiyo huufanya usiwe na tawi pana la kujengea kiota wala shina la kutoboka tundu kubwa. Mutuba, mti wa asili ambao Waganda hutengeneza nguo kwa gome lake, ni wa jamii ya mikuyu. Tini zake huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaozaliana ndani ya tini zenyewe, na kwa kuwa miti haizai yote kwa wakati mmoja, mji wenye mituba mingi huwa na matunda hata msimu ambao miti mingine haina kitu. Ndege wala matunda kama shorobo, zuwakulu na hondohondo hutegemea jambo hilo. Ni kweli kwamba mizizi yake huinua vigae vya njia ya miguu; kwa hiyo nafasi yake ni kwenye bustani, viwanja vya shule na kingo pana za barabara, si katika ukanda wa mita moja kati ya lami na ukuta.

Dhana potofu: Kampala imejaa ndege wakubwa, hivyo hali ya ndege ni nzuri.

Wingi si anuwai. Korongo mkubwa aitwaye kaloli, aliyezoeleka juu ya miti ya mjini, huongezeka penye taka na mabaki ya machinjio. Ndege 100 ambao 90 kati yao ni kaloli ni jamii maskini kuliko ndege 40 wa spishi 15, ndiyo maana anayehesabu lazima aandike spishi, si idadi peke yake. Wapo wanaotaka miti ikatwe ili kaloli waondoke. Kaloli huhamia miti mingine, kwa kuwa chakula chao bado kipo. Anayeumia ni tumbusi kofia, ambaye hujenga kiota katika miti mikubwa ya namna hiyo hiyo, na ambaye tangu 2015 amewekwa katika daraja la spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka duniani.