Mbona pande mbili na pembe moja hazikutosha?

"Nimeonyesha pande mbili ni sawa na pembe moja ni sawa, nikaandika upande-pembe-upande. Mbona nimekoseshwa, wakati jibu la mwisho ni la kweli?"

Kwa sababu pembe uliyoitaja haiko kati ya pande ulizozitaja. Kanuni hiyo ya kuonyesha kwamba pembetatu mbili zinalingana inataka pembe ile ambamo pande hizo mbili zenyewe zinakutana.

Swali ni la mpwa wangu wa kidato cha pili, tukiwa kibarazani Kirumba. Alipewa pembetatu ABC yenye AB = AC, na D katikati ya BC. Athibitishe kwamba AD inaigawa pembe A sawasawa. Akaandika kwamba AB = AC, kwamba AD ni ya pembetatu zote mbili, ABD na ACD, na kwamba pembe B = pembe C. Kila mstari ni kweli. Lakini AB na AD zinakutana A, si B.

Tukachukua vijiti vya mishikaki. Vitatu tukavikata sentimita 8 kila kimoja, tukaunda pembetatu yenye pembe za nyuzi 60. Cha nne tukakikata sentimita 7, ncha moja tukaishikilia A, ya pili tukaizungusha taratibu mpaka ikagusa kitako BC. Iligusa sentimita 3 kutoka B. Tukaendelea kuzungusha, ikagusa tena sentimita 5 kutoka B.

Tukaiacha kwenye 3. Hapo BD ni 3 na DC ni 5, hivyo pembetatu hizo mbili hazilingani hata kwa macho. Ajabu ni kwamba mistari yake mitatu bado ni kweli yote: AB = AC, AD ni ileile, pembe B = pembe C. Ingekuwa inatosha, basi kijiti chochote kutoka A hadi kitako kingeigawa pembe A sawasawa. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda: sogeza kile ambacho hujakitumia, uone kama hoja zako zinabaki kweli huku umbo likibadilika.

Na kweli alikuwa na kitu ambacho hakukitumia. Aliambiwa D iko katikati, yaani BD = DC, na hakuigusa popote. Weka AB = AC, pembe B = pembe C, BD = DC: sasa pembe B imekaa kati ya AB na BD, na upande-pembe-upande inafaa. Au aache pembe kabisa, atumie pande tatu.

Swali lingesema AD imesimama wima juu ya BC, AB = AC pamoja na AD zingetosha, ingawa pembe mraba iko D, nje ya kati yao. Upande unaoielekea pembe mraba ndio mrefu kuliko yote, kwa hiyo kijiti chenye urefu wa AB kikizungushwa kutoka A hakipati mahali pa pili pa kugusa mstari BC upande uleule wa D.